Panja la kushoto: kisa cha mvi zilizokataa rangi

Mama mwalimu alivua ushungi, akafumua mabutu yake mawili, akageuza kichwa huku na huku mbele ya kioo. "Jionee mwenyewe, mwanangu," akasema. "Nimepaka Jumapili. Leo Alhamisi."

Nikamsogeza karibu na dirisha, maana taa ya saluni hudanganya. Utosini rangi ilikuwa imeshika vizuri, hudhurungi ya kukolea. Nchani ilikuwa nzito zaidi, karibu nyeusi, kwa sababu kila akipaka anapaka kichwa kizima na rangi inarundikana juu ya rangi. Kwenye mapanja ndiko kulikokuwa na kazi. Kuanzia mbele ya sikio kupanda hadi kona ya paji la uso, upana wa vidole viwili, nywele zilikuwa nyeupe na zinang'aa kama mshipi wa kuvulia. Upande wa kulia zilikuwa zimeguswa kidogo, rangi ya chai isiyokolea. Upande wa kushoto ungeapa kwamba hakupaka kitu.

Saluni yetu ipo Ngamiani, Tanga, na wateja wa mvi ninao wengi. Huyu ana miaka 58, amestaafu ualimu, na anajipaka mwenyewe nyumbani kila baada ya wiki tatu. Hataki nyeusi. Mashekhe wengi wanaikataza nyeusi tupu kwenye mvi, naye hataki maneno, kwa hiyo miaka yote amekuwa mtu wa hudhurungi. Alikuwa ameshabadilisha rangi mara tatu. Mara ya mwisho muuza duka alimwambia mvi zake ni sugu, zinataka nguvu, akamuuzia chupa ya peroksaidi ya volyumu 40. Chupa ilikuwa kwenye mkoba, haijafunguliwa. Nikaiweka kando kwanza.

Mimi nilishikwa na ile tofauti ya kulia na kushoto. Ni nywele za kichwa kimoja, zimepakwa rangi ya bakuli moja, siku moja, na mkono mmoja. Kama usugu ulikuwa wa nywele peke yake, mapanja yote mawili yangekataa sawasawa. Kwa hiyo sikugusa kitu. Nikavuta stuli, nikamwomba anisimulie anavyopaka tangu mwanzo, hata mambo anayodhani hayana maana.

Akasimulia. Haoshi nywele kabla ya kupaka, kwa sababu alisikia rangi inapenda nywele chafu. Mafuta ya nazi anapaka kila siku, hasa pembeni, ili nywele zilale chini ya ushungi. Kabla ya rangi anapaka Vaselini kuzunguka uso ili ngozi isichafuke, "nyingi, mpaka inaingia ndani kidogo." Anachanganya rangi yote kwenye bakuli, anakaa sebuleni chini ya feni, anaanza kisogoni, anapanda utosini, anashuka upande wa kulia, anamalizia kushoto. Mikono inachoka, kwa hiyo kazi inamchukua nusu saa. Akimaliza anasubiri dakika kumi hivi, anaona ngozi ya pembeni inaanza kuwa nyeusi, anaogopa, anafuta mapanja yote mawili kwa kitambaa chenye maji. Hapo dakika arobaini zimetimia tangu alipoanza, na kichwa kilichobaki anakiosha.

Tukapiga hesabu pamoja kwenye kipande cha karatasi. Tuseme ameanza saa kumi kamili jioni. Panja la kulia limepata rangi kwenye saa kumi na dakika ishirini. La kushoto limepata saa kumi na nusu. Saa kumi na dakika arobaini yote mawili yamefutwa. Panja la kulia limekaa na rangi dakika 20, la kushoto dakika 10. Karatasi ya maelekezo iliyokuja na tyubu yake ilisema kwa mvi aache dakika 35 hadi 45. Kisogoni, ambako mvi ni chache kuliko kote, ndiko rangi ilikokaa dakika zote 40.

Akaitazama ile karatasi kama mwalimu anayesahihisha daftari lake mwenyewe. "Kumbe nimempa mgonjwa dozi ya nusu kijiko."

Dakika zinafanya nini

Rangi ya kudumu haipakwi juu ya unywele kama rangi ya ukuta. Ukiikamua kutoka kwenye tyubu ni krimu nyeupe au ya rangi ya maziwa. Ndani yake kuna chembe ndogo ambazo bado hazina rangi, na amonia au kemikali nyingine ya kufanya kazi kama yake. Unywele kwa nje una magamba membamba yaliyolaliana kama vigae vya paa. Amonia inaufanya unywele uvimbe na vile vigae vinyanyuke, zile chembe zinapenya ndani, na peroksaidi inaziunguza taratibu mpaka zinaungana na kuwa chembe kubwa zenye rangi. Kubwa kiasi kwamba haziwezi kutoka tena kwa njia zilikoingilia. Hapo ndipo neno "kudumu" linapotoka.

Ukiifuta mapema, nyingi zinakuwa hazijaungana. Unaosha, unaona panja limepata weusi kidogo, unafurahi. Shampuu ya kwanza inaondoka na nusu, ya pili inamaliza. Ndiyo maana panja la kulia la mama mwalimu lilikuwa na rangi ya chai. Ilikuwa imeingia, haikuwa imekaa. La kushoto hata kuingia haikuwahi.

Lakini dakika peke yake hazikunitosha kuwa jibu, kwa sababu mapanja kweli yana ukaidi wake. Mvi za pale mara nyingi magamba yake yamebana, na nyingine ni nene kuliko nywele nyeusi zilizo jirani. Ngozi ya pale inatoa mafuta na jasho, na kwa joto la Tanga jasho linashuka humo humo na kuichuja rangi. Halafu kuna jambo ambalo watu hawalifikirii. Unywele mweusi ukipakwa hudhurungi, jicho linaona rangi mbili kwa pamoja, ile ya asili na ile ya tyubu. Unywele mweupe hauna cha kuchangia. Kila kinachoonekana kimetoka kwenye tyubu, kwa hiyo rangi ile ile inaonekana nyepesi zaidi, na kama ni rangi ya mtindo inaonekana imepitiliza.

Hilo la mwisho lilieleza wekundu niliouona kwenye mstari wa uso. Tyubu yake ilikuwa 4.5. Tarakimu iliyo kabla ya nukta ni kina cha rangi, kuanzia 1 ambayo ni nyeusi hadi 10 ambayo ni blondi kabisa. Iliyo baada ya nukta ni mwelekeo wa rangi, na kwa makampuni mengi 5 ni mahogani. Kwenye nywele nyeusi mahogani hutoa mng'ao mzuri wa chini kwa chini. Kwenye mvi tupu hutoa wekundu wa udongo wa Lushoto. Mvi zinataka rangi yenye sifuri baada ya nukta, yaani ya asili, kwa sababu hiyo ndiyo iliyotengenezwa kujaza unywele usio na kitu ndani. Ukiutaka ule mng'ao, unautia kama chumvi kwenye mchuzi.

Vishikio vitatu kwenye kisosi

Ili nisimhukumu kwa maneno, nilikata nywele nyeupe chache kutoka nyuma ya panja la kushoto, mahali pasipoonekana, nikazifunga kwa uzi katika vishikio vitatu vyembamba kama njiti ya kiberiti. Cha kwanza nikakiosha kwa shampuu na kukikausha. Cha pili nikakipaka nazi na Vaselini, kama anavyofanya nyumbani. Cha tatu nikakiosha, kisha nikakilowesha kwa peroksaidi ya asilimia 6, ambayo ndiyo hiyo inaitwa volyumu 20, nikakiacha dakika 15, nikakibana kwa tishu bila kusuuza. Halafu nikachanganya gramu chache za tyubu ya asili, 4.0, kwa kiasi kile kile cha peroksaidi ya asilimia 6, nikavifunika vyote vitatu kwa dakika 45. Tulikunywa chai.

Kishikio cha Vaselini kilitoka na madoadoa, pengine kimeshika, pengine cheupe kama kilivyoingia. Ukikipitisha kwenye vidole unasikia bado kina utelezi. Kile kilichooshwa tu kilitoka hudhurungi, na mtu mwingine angeridhika. Lakini nilipokiinua kwenye mwanga wa dirisha, nywele zile nene zilikuwa zinapitisha mwanga, kama nyuzi za nailoni zilizochovywa kwenye chai. Kishikio cha tatu kilikuwa kimejaa, hudhurungi isiyopitisha mwanga.

Kwa hiyo kisosi kilitupa majibu mawili, si moja. Kizuizi kikubwa kilikuwa mafuta na mchezo wa dakika. Chini yake kulikuwa na usugu wa kweli kidogo, wa nywele nene chache, na huo ulikuwa unalainika kwa peroksaidi ya asilimia 6.

Hapo ndipo nikairudia ile chupa ya volyumu 40. Ni asilimia 12. Kazi ya ziada inayofanywa na peroksaidi kali ni kung'oa rangi ya asili ya unywele, ile melanini, ili rangi mpya ya mwanga ipate nafasi. Mvi haina melanini ya kung'oa. Ukiitumia kwenye kichwa chenye mchanganyiko, mvi hazipati faida, ila zile nyeusi zilizobaki zinapauka na kuwa nyekundu, na ngozi laini ya panja inawaka moto. Asilimia 3 nayo ni dhaifu kwa kazi hii. Kwa mvi ni asilimia 6, na nimeona wenzangu wazoefu wakipanda hadi 9 kwa haraka tu, halafu wanashangaa kwa nini wanalipwa na malalamiko. Mama mwalimu aliniuliza aifanyie nini ile chupa. Nikamwambia airudishe dukani, na kama hawaipokei asiitumie kung'arishia hata shuka.

Sikumpaka siku ile. Jumapili alikuwa ameshapaka, ngozi ilihitaji kupumzika, na isitoshe nilitaka mizizi itoke kidogo ili nione kazi yangu inaishia wapi. Nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo tukakubaliana arudi baada ya wiki mbili na ushei. Akarudi Jumanne nikampaka tone la rangi nyuma ya sikio, kama karatasi inavyoelekeza, akaenda nalo nyumbani saa 48.

Tone lile watu wengi wanaliona ni urasimu, na wa pwani ndio tunaolihitaji zaidi. Rangi nyingi za kudumu zenye kukolea zina kemikali ambayo kwenye boksi utaiona kwa herufi PPD au jina lake refu la parafenilinidiamini. Hiyo hiyo ndiyo iliyomo kwenye piko nyeusi tunayochorwa mikononi na miguuni kwenye harusi. Hina halisi haina rangi nyeusi, hutoa nyekundu au hudhurungi. Ile nyeusi inayoshika kwa nusu saa mara nyingi ni dawa ya nywele iliyochanganywa. Mtu akichorwa, mwili unaweza kuizoea kwa ubaya. Mara ya kwanza anawashwa kidogo, miaka baadaye anapaka mvi na uso unavimba mpaka macho yanafunga. Nilishawahi kumkatalia mteja aliyeonyesha kovu la ua mgongoni mwa mkono, palipotoka malengelenge ya piko. Alinuna, akaondoka. Bora anune. Mama mwalimu alisema yeye ni mtu wa hina tu, na Alhamisi nyuma ya sikio palikuwa safi.

Siku yenyewe

Usiku wa Jumatano nilikuwa nimemwambia aoshe nywele kwa shampuu mara mbili, hasa pembeni, na asipake mafuta yoyote. Ule usemi kwamba rangi inapenda nywele chafu una ukweli mdogo ndani yake. Mafuta ya mwili ya siku moja yanaikinga ngozi isiwashwe. Lakini jasho la usiku mmoja ni kitu kimoja, na nazi ya wiki nzima ni kitu kingine.

Nikachukua Vaselini kwa kijiti cha pamba, nikachora mstari mwembamba kwenye ngozi, nje ya nywele, bila kugusa unywele hata mmoja. Kijiti kingine nikakichovya kwenye peroksaidi ya asilimia 6 nikapitisha kwenye mvi za mapanja peke yake. Dakika 15. Nikazibana kwa tishu mpaka zikawa na unyevu tu. Hapo hausuuzi. Kuna wenzangu wanaotumia njia nyingine, wanapaka rangi iliyochanganywa na maji bila peroksaidi, wanaiacha dakika kumi au kumi na tano, kisha wanapaka mchanganyiko kamili juu yake. Inafanya kazi vizuri pia, na kwa mwenye ngozi inayowashwa upesi naipendelea. Mahali penye kidonda, au pale nywele zimeng'oka kwa kusukwa kwa kubana, silainishi kwa peroksaidi hata kidogo.

Nilipima kwa mzani mdogo wa jikoni: gramu 30 za 4.0 na gramu 10 za 4.5 kwa ajili ya ule mng'ao anaoupenda, pamoja na mililita 40 za peroksaidi. Sehemu moja kwa moja. Baadhi ya rangi zinataka peroksaidi moja na nusu, na hapo unaifuata karatasi, ila kwa mvi mchanganyiko mzito unabeba rangi nyingi zaidi na hautiririki. Bakuli la plastiki, kamwe si la chuma. Wala sikuchanganya yote kwa pamoja. Rangi inaanza kazi palepale inapokutana na peroksaidi, uwe umeshaipaka au bado. Uitazame bakulini: inatoka krimu, inakuwa ya chungwa, inaelekea zambarau, inakuwa nyeusi. Ile iliyokwishakuwa nyeusi bakulini imeungania bakulini, na hiyo ndiyo mama mwalimu alikuwa anaipeleka kwenye panja la kushoto kila mara. Nilichanganya nusu kwa ajili ya mapanja na mstari wa uso, nusu nyingine ikasubiri.

Mapanja kwanza, yote mawili. Nilitenga vipande vyembamba, nusu sentimita, nikavivuta kidogo kwa sababu nywele zetu zikijikunja zinaficha upande wa chini, na huko ndiko weupe unakobaki. Brashi inapita juu, kipande kinageuzwa, inapita chini, kisha kinabanwa kwa kidole chenye glavu. Baada ya kulaza nywele nyuma na kupaka, nikazileta mbele na kupaka tena shina. Rangi iwe nene. Mkono wa mtu anayeogopa kuchafua ngozi hupaka panja kwa kulipapasa, na safu nyembamba inakauka kabla ya kumaliza kazi. Rangi iliyokauka imekufa.

Kwa sababu hiyo nilizima feni. Alilalamika, na haki yake, ilikuwa saa sita mchana mwezi wa Februari. Msaidizi wangu akampepea kwa kipepeo upande wa mgongoni. Feni inayokupiga ubavuni inakausha panja la upande huo huku utosi ukiwa bado mbichi. Joto la kofia ya nailoni au la drayeri nalo sikulitumia, maana karatasi haikulitaja. Joto linaiharakisha rangi iungane kabla haijafika ndani.

Nilipomaliza mapanja nikabonyeza saa ya simu. Nikachanganya nusu ya pili, na msaidizi tukagawana kichwa, mizizi tu. Dakika kumi tukawa tumemaliza. Nchani hatukugusa, kule kumeshiba rangi ya miaka, na rangi haiwezi kupausha rangi nyingine. Tofauti ya shina na ncha alibaki nayo, tukapunguza kwa mkasi sentimita mbili.

Dakika ya 30 nikakagua. Hapa wengi hudanganyika, kwa sababu panja lililofunikwa rangi linaonekana jeusi hata kama ndani hakuna kitu. Unachagua kishikio kidogo, unakifuta kwa pamba yenye maji mpaka kiwe safi, unaweka tishu nyeupe nyuma yake. Panja la kulia lilikuwa limejaa. La kushoto lilikuwa na nywele tano sita nene zinazopitisha mwanga bado. Nikachanganya kijiko kipya, gramu 5 kwa mililita 5, nikapaka hapo tu. Usiongeze kwa kuchota kwenye bakuli la zamani, hiyo haina kitu tena.

Saa ilipolia, mapanja yalikuwa na dakika 45 na kichwa kilichobaki 35, vyote ndani ya kipimo cha karatasi. Kabla ya kumwaga maji mengi nikamwagia kidogo ya uvuguvugu, nikasugua mstari wa uso kwa ncha za vidole mpaka rangi ikawa povu. Rangi hiyo hiyo inajiondoa yenyewe kwenye ngozi, na doa linalomtia mtu hofu ya kufuta mapema linatoka pale pale. Suuza mpaka maji yawe meupe, shampuu kidogo, kondishena. Nikamwomba asioshe kwa shampuu siku mbili.

Kwenye mwanga wa dirisha mapanja yalikuwa hudhurungi, yanafanana na utosi. Zilibaki nywele za malaika saba upande wa kushoto, zile laini kabisa pembeni mwa ngozi, nyeupe. Nikamwonyesha. Hizo ni nyembamba na zinakaa kwenye mafuta ya ngozi, na kuzifuata ningeipaka ngozi kuliko nywele. Akasema ziachwe, wajukuu wasije wakamwita dada.

Nilimwambia pia mambo ambayo sitaweza kumsaidia. Anatawadha mara tano kwa siku, anapangusa kichwa kwa maji, na ushungi unasugua pale pale. Panja litapauka kabla ya utosi hata likipakwa vizuri namna gani. Na baada ya wiki tatu mstari mweupe wa milimita saba hivi utatoka, kwa sababu unywele unakua kutoka ndani ya ngozi na rangi iko kwenye ule uliokwisha kutoka nje. Nyusi asiziguse kwa dawa hii. Nilimwandikia hatua kwenye karatasi kwa herufi kubwa, akaziweka kwenye mkoba palipokuwa na ile chupa.

Wiki ya tatu alijipaka mwenyewe nyumbani. Jioni akanitumia picha mbili kwenye simu. Panja la kushoto hudhurungi, safi, limejaa. La kulia, rangi ya chai.

Nikampigia. "Mwalimu, ulianza wapi?"

"Kushoto. Si ndilo lenye matatizo?"

"Halafu?"

"Halafu nikapanda utosini, kisogoni, nikamalizia kulia. Saa nilibonyeza mwanzo, kama ulivyobonyeza wewe."

Nusu saa ya mikono kuchoka, ikitolewa kwenye dakika 45, kulia kulibaki robo saa. Nikamwambia achukue ile karatasi, atafute mstari wa nne, na aongeze maneno mawili baada ya neno "mapanja".